Pendula Inayosikika: Jinsi ya Kupanga Jaribio kwa Asiyeona na kwa Mwenye Kiti cha Magurudumu

Ning'iniza kitu kizito kwenye uzi, kivute kando kidogo, kisha kiachie. Kitabembea kwenda na kurudi, na kila mbembeo mzima utachukua karibu muda uleule. Ukifupisha uzi, mbembeo unakuwa wa haraka zaidi. Jaribio hili la pendula linafahamika kwa karibu kila mwanafunzi wa fizikia wa sekondari, na mara nyingi hugeuzwa kuwa mradi wenye maswali mawili: urefu wa uzi unahusianaje na muda wa mbembeo? Na je, uhusiano huo unaweza kutupa mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani ile 9.8 tunayoikariri?

Hebu tuchukue kikundi ambamo mmoja haoni na mwingine anatumia kiti cha magurudumu. Kwa kawaida wa kwanza hupewa kazi ya kutaja majina ya vifaa, wa pili hupewa daftari anakili namba, na wengine ndio wanaopima. Mwishoni wote wanapata alama, lakini wawili hao hawajapima chochote. Kasoro iko kwenye mpangilio wa jaribio, na mpangilio unarekebishika tukianzia mwanzo kabisa: katika jaribio hili macho yanafanya kazi gani, na miguu na mikono inafanya kazi gani?

Macho yana kazi nne. Yanapima urefu wa uzi, yanatambua pendula inapopita mahali fulani, yanasoma saa, na mwishowe yanaangalia kama nukta za grafu zimejipanga kwenye mstari. Miguu na mikono ina kazi mbili: kufika juu uzi ulikofungwa ili kubadilisha urefu, na kuachia pendula bila kuisukuma. Jumla ni kazi sita, na swali la mradi halitaji njia ya kufanya hata moja kati yake. Tunaweza basi kubadilisha njia tukaacha swali lilivyo.

Kuifanya pendula itoe sauti

Tuanze na kutambua pendula inapopita, kwa sababu hapo fizikia yenyewe inatupa mwongozo. Wanafunzi wanaoona mara nyingi huhesabu pendula inapofika mwisho wa mbembeo, pale inaposimama kabla ya kurudi. Panaonekana vizuri kwa jicho, lakini ni mahali pabaya pa kupimia. Tuseme pendula ina urefu wa karibu mita moja na tumeivuta sentimita 15. Ikifika mwisho inakawia: kwa zaidi ya sekunde 0.07 inakuwa haijasogea hata milimita moja kutoka kwenye ukomo wake. Nani ataweza kusema ni wakati gani hasa imefika? Inapopita katikati, chini kabisa, iko kwenye kasi yake kubwa, karibu nusu mita kwa sekunde, na milimita hiyo moja inaipita kwa takriban sekunde 0.002. Kwa hiyo alama ya kuhesabia inafaa kuwa katikati.

Sasa tuiweke alama hiyo kwa sauti. Chukua chelewa moja, ule uti mkavu wa jani la mnazi unaofungwa ufagio. Kama uko mbali na pwani, kata ukanda mwembamba wa chupa ya plastiki. Uchomeke wima kwenye donge la udongo, na donge liweke chini ya pendula mahali inapotulia, ncha ya chelewa ikigusa kitako cha pendula kwa milimita mbili au tatu tu. Kwa uzito tumia nati ya gurudumu la lori au kitu kingine kizito kama hicho, kwa sababu pendula nyepesi itachoshwa na chelewa mapema. Ukiachia utasikia tk, tk, tk, na kila mlio ni pendula ikipita katikati. Mbembeo mmoja mzima una milio miwili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi.

Mlio huu unamwambia mwanafunzi jambo ambalo jicho hulikosa kwa urahisi. Kama chelewa haiko katikati barabara, nafasi kati ya milio hailingani: tk-tk, kimya, tk-tk, kimya, kama mtu anayechechemea. Asiyeona atalisikia hilo baada ya mibembeo michache, na atasogeza donge la udongo mpaka milio ilingane. Hata akiacha ilivyo, hesabu haitaharibika ikiwa anahesabu kila mlio wa pili, kwa kuwa mbembeo mzima unarudi palepale ulipoanzia.

Sauti ina mipaka yake. Mvua ikinyesha juu ya mabati hakuna atakayesikia kitu. Hapo mwanafunzi aweke ncha ya kidole kwenye shina la chelewa karibu na udongo, mtikisiko utamfikia. Njia hiyohiyo inamfaa asiyeona wala kusikia. Kwa mwenye uoni hafifu, wakiwemo wanafunzi wengi wenye ualbino, tatizo mara nyingi ni tofauti ndogo ya rangi pamoja na mwanga mkali. Paka nati rangi nyeupe, simamisha boksi lililopakwa rangi nyeusi nyuma yake, na geuza meza ili dirisha liwe nyuma ya mwanafunzi. Atachagua mwenyewe kati ya jicho na sikio.

Jibu la kwanza bila saa

Kabla ya kugusa saa, kikundi kinaweza kupata nusu ya jibu kwa masikio pekee. Tengeneza pendula mbili, moja ya sentimita 90 na nyingine ya sentimita 40. Moja igonge chelewa na nyingine igonge ukanda wa karatasi ngumu, ili milio itofautiane. Ziachie kwa pamoja.

Anayezijua ngoma atatambua mara moja kinachotokea. Ni kama wapigaji wawili, mmoja akipiga mara tatu katika muda ambao mwenzake anapiga mara mbili, kisha wanakutana na kuanza upya. Pendula fupi imebembea mara tatu wakati ndefu imebembea mara mbili. Tazama sasa urefu: 90 kwa 40 ni 9 kwa 4. Na 9 ni kipeo cha pili cha 3, wakati 4 ni kipeo cha pili cha 2. Rudia kwa sentimita 80 na 20, yaani 4 kwa 1, na utasikia mbili kwa moja. Uhusiano umejitokeza wenyewe: urefu unafuata kipeo cha pili cha muda. Ukitaka muda uongezeke mara mbili, uzi lazima uwe mrefu mara nne.

Galileo, aliyeichunguza pendula kabla ya wengi, alikuwa amepofuka alipofikia moja ya mawazo yake makubwa kuihusu. Mwaka 1641, miezi michache kabla ya kufariki, alimweleza mwanawe Vincenzio jinsi pendula inavyoweza kuongoza mwendo wa saa, na mwanawe akachora. Hesabu na mpangilio wa chombo vilikuwa kichwani mwa mtu asiyeona hata mshumaa.

Urefu kwa mafundo na vipande vya mbao

Tuje kwenye kupima urefu, na hapa kazi ya macho inakutana na ya miguu. Kwa kawaida uzi hufungwa juu kwenye mkono wa stendi, na kila urefu unapobadilishwa mtu husimama, hufungua, hupima kwa rula na kufunga tena. Asiyeona anakwama kwenye rula, na aliye kwenye kiti cha magurudumu anakwama kwenye kusimama.

Badala ya kufunga uzi juu, ubane kati ya vipande viwili vya mbao vilivyokazwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mkazo uwe wa kutosha kubeba nati bila kuteleza, lakini uzi usogee ukivutwa kwa nguvu. Mkia wa uzi upite juu na kushuka mpaka ukingoni mwa meza, karibu na mkono wa aliyekaa. Ukivuta mkia, pendula inafupika, na hakuna aliyelazimika kuinuka.

Urefu gani umevutwa? Mwombe fundi seremala akate vipande kadhaa vya mbao, kila kimoja sentimita 10 kamili. Mwanafunzi analaza kipande kimoja kando ya mkia wa uzi na kuweka fundo kila kinapoishia. Fundo lisifungwe kwa uzi wenyewe, kwani litaumeza na vipimo vyote vitapungua. Funga kijiuzi kingine juu yake. Uzi pia usiwe wa kunyumbuka. Uzi wa kushonea viatu unafaa kuliko nailoni ya kuvulia samaki.

Anza na pendula ndefu kabisa, sentimita 90, na uvute fundo moja moja: 80, 70, 60, 50, 40. Fundo linalofuata likifika mahali lilipokuwa la kwanza, usawa wa alama iliyochongwa kwenye ukingo wa meza, kidole kinajua sentimita 10 zimepita. Nati nayo imepanda sentimita 10, na chelewa haiigusi tena. Dawa iko mkononi: ongeza kipande kimoja cha mbao chini ya donge la udongo. Kipande kilekile kilichopima uzi sasa kinapandisha chelewa. Tena kinamlinda mpimaji asikosee, kwa sababu uzi ukiteleza pale juu, nati itashuka na mlio utageuka kuwa mkwaruzo. Ukisikia mkwaruzo, simamisha, kaza tyubu, anza upya.

Meza yenyewe iwe na nafasi ya takriban sentimita 70 chini yake ili kiti cha magurudumu kiingie na magoti yapite. Meza nyingi za maabara zimetengenezwa kwa mtu anayesimama au kukalia stuli, na aliye kwenye kiti huishia kufanya kazi usawa wa kidevu. Meza ya kawaida ya darasani inafaa zaidi. Elekeza mbembeo upite sambamba na kifua cha mwanafunzi, usimjie usoni.

Kuachia nako kuna njia. Mkono unaotetemeka, au mkono wowote wenye haraka, huisukuma pendula bila kutaka, nayo hubembea kwa kuzunguka kama yai badala ya kwenda na kurudi kwenye mstari. Funga kitanzi cha uzi mwembamba kwenye nati na ukitundike kwenye msumari mwembamba uliopenya tundu la ubao mdogo uliosimama pembeni. Msumari ukichomolewa, pendula inaondoka peke yake, na kila safari inaanzia palepale. Umbali wa kuvuta usizidi sehemu moja ya sita ya urefu wa uzi, yaani sentimita 15 kwa uzi wa 90 na karibu 7 kwa uzi wa 40. Ndani ya kiwango hicho, upana wa mbembeo unaubadilisha muda kwa chini ya sehemu 2 katika 1,000. Ukivuta mpaka nyuzi 30, kosa linafikia karibu sehemu 17 katika 1,000, na litaonekana kwenye jibu.

Saa inayosema

Saa ya kupimia muda yenye vitufe halisi ndiyo bora, na zipo zinazotamka. Penye simu, washa TalkBack, programu inayosoma skrini kwa sauti kwenye simu za Android. Kwa TalkBack kitufe hakibonyezwi mara moja. Kidole kinakitafuta kwanza mpaka sauti ikitaje, kisha kinagonga mara mbili popote kwenye skrini. Kwa hiyo tafuta kitufe cha kuanza kabla pendula haijaachiwa, na ugonge unaposikia mlio. Hakikisha mapema kama kidole kitabaki kwenye kitufe hichohicho kinapogeuka kuwa cha kusimamisha. Simu nyingine zinahitaji kitafutwe upya.

Mtu atauliza: kugonga mara mbili hakuchelewi? Kunachelewa, lakini kunachelewa mwanzoni na mwishoni vilevile. Ukichelewa sekunde 0.3 kuanza na 0.3 kumaliza, tofauti haibadiliki. Kinachodhuru ni kuchelewa kusikolingana, leo 0.3 na kesho 0.4. Tuseme hali hiyo inaleta kosa la sekunde 0.1. Ukipima mbembeo mmoja wa sekunde 1.9, hilo ni kosa la zaidi ya asilimia 5. Ukipima mibembeo 20, kosa lilelile linagawanywa kwenye sekunde 38 na linashuka chini ya asilimia 0.3. Ndiyo maana tunahesabu 20.

Hesabu ianze na sifuri. Mlio wa kuanzisha saa ni "sifuri", na mlio wa pili baada ya huo ndio "moja". Anayeanza na "moja" atakuwa amepima mibembeo 19 huku akidhani ni 20. Kosa hili lina alama yake: muda unapungua kwa sehemu moja ya ishirini, na kwa kuwa jibu linategemea kipeo cha pili cha muda, mchapuko unatoka karibu 10.9 badala ya 9.8. Kikundi kikileta 10.9, waulize walianza kuhesabu na nini.

Mlio nao ukififia kabla ya 20, chelewa ni ngumu mno au imegusa kwa kina. Ipunguze unene kwa wembe, au iteremshe kidogo.

Grafu ya kugusa

Kazi ya mwisho ni kuona mstari. Chukua boksi gumu na ulichore miraba kwa kile kigurudumu chenye meno cha fundi cherehani, ukikandamiza kutoka upande wa nyuma ili vijinundu vitokeze mbele. Anayeandika nukta nundu kwa kibao na kalamu ya chuma anajua kwamba kinachokandamizwa nyuma husomeka mbele kikiwa kimegeuzwa, kwa hiyo mhimili wa kushoto uchorwe kulia. Urefu ukae kwenye mhimili wa chini, na kipeo cha pili cha muda kwenye mhimili wa wima. Kila kipimo ni pini moja.

Tuseme kikundi kimepata sekunde 38.1 kwa mibembeo 20 ya uzi wa sentimita 90, na 25.4 kwa uzi wa 40. Mbembeo mmoja ni 1.905 na 1.27. Vipeo vyake vya pili ni 3.63 na 1.61. Pini za urefu wa kati zinaingia baina ya hizo mbili. Sasa nyosha mpira mwembamba kando ya pini zote na upitishe kidole. Pini iliyojitenga na mpira inajulikana papo hapo, na kipimo chake kinarudiwa.

Mteremko wa mstari ni tofauti ya vipeo, 2.02, ukigawanya kwa tofauti ya urefu, mita 0.5, yaani 4.04. Kanuni ya pendula inasema:

```
T² = (4π² / g) × L
```

Kwa hiyo g ni 39.5 gawanya kwa 4.04, sawa na karibu 9.8. Angalia kilichoingia kwenye hesabu hiyo: tofauti ya urefu kati ya fundo na fundo, basi. Hatukuhitaji kujua katikati ya nati iko wapi, jambo linalowasumbua hata wenye rula na macho mazima. Kama urefu wote umekosewa kwa kiasi kilekile, mteremko haubadiliki. Kosa linalobaki ni la kipande cha mbao chenyewe. Fundi akikikata sentimita 10.2, jibu litapungua kwa asilimia 2. Panga vipande vitano mfululizo na uvipime kwa rula ya chuma kabla ya kuanza.

Lile kosa la urefu la kiasi kilekile nalo halipotei, linahamia mahali pengine. Vuta mpira uendelee mpaka kwenye mhimili wa wima. Kama urefu ulipimwa sawasawa, utaishia kwenye kona ya grafu, penye sifuri. Ukiishia juu kidogo, tuseme kwenye 0.08, gawanya kwa mteremko: 0.08 gawanya kwa 4 ni 0.02. Uzi wenu ni mrefu kwa sentimita 2 kuliko mlivyoandika, na huenda mlipima mpaka juu ya nati badala ya katikati yake. Ukiishia chini ya sifuri, mmezidisha urefu. Anayeweza kutoa jibu hilo kwa kupitisha kidole kwenye mpira anaweza pia kusimama, au kuketi, mbele ya majaji wa mradi na kujibu swali lao la kwanza: mmejuaje kwamba vipimo vyenu ni sahihi?